Mkunjo wa Mto Shavuni

Wifi yangu akiingia chumba cha vipodozi asubuhi, kabla hajanisalimia, alikuwa anageuza shavu la kushoto kwenye kioo.

"Wifi, mkunjo upo?"

Upo, nitasemaje? Mkunjo ulianzia pembeni mwa jicho, ukakata shavu kwa kuteremka mpaka karibu na taya, kama mtu kamchora kwa rula usingizini. Kando yake palikuwa na vialama vidogo vya mshono wa foronya. Nilichovya kitambaa kwenye maji ya baridi, nikamwekea, nikamwambia anywe chai yake na asiuguse.

Mimi ni mpambaji wa studio ya televisheni. Kazi yangu ni nyuso za wanaosoma habari za asubuhi, na wifi ndiye msomaji mkuu. Ni mke wa mdogo wangu wa kiume, dereva wa malori ya safari ndefu, mtu ambaye nyumbani anaonekana kwa nadra kama mgeni. Kwa hiyo wifi alikuwa peke yake na tumbo lake, na mimi nilikuwa macho ya nyumba nzima. Ujauzito wa kwanza ulimtoka mapema, kabla hata majirani hawajajua. Huu wa pili ulikuwa umefika mwezi wa saba na kidogo, na sisi sote tulikuwa tunatembea kwa kunyata, tusije tukaushtua.

Wifi hakuwa mtu wa mikunjo. Maisha yake yote amelala chali, mikono kifuani, mpaka mdogo wangu alikuwa anamtania kwamba anaamka usiku kuhakikisha kama bado yupo duniani. Ndiyo maana alikuwa anaamka na uso kama sahani iliyooshwa. Lakini tumbo lilipokua, mkunga wa kliniki alimwambia waziwazi: mama, chali basi. Ukipanda kitandani lala ubavu, wa kushoto au wa kulia, wowote unaokukubali. Wifi akachagua kushoto. Na shavu la kushoto likaanza kulipa.

Mwanzoni mkunjo uliondoka kabla chai haijaisha. Baadaye ukawa unangoja mpaka nimalize macho. Halafu ukaanza kuingia naye studio. Mpambaji mchanga hapo angerundika poda, na poda ndiyo adui mwenyewe: inatulia ndani ya mkunjo, taa zikiwaka mkunjo nao unasoma habari. Mimi nilikuwa napaka mafuta mepesi, nakanda kwa ncha za vidole kuelekea sikioni, kisha naweka rangi kidogo sana. Ukichungulia kwa karibu, bado ulikuwepo.

Na bosi wetu ndiye wa kuchungulia kwa karibu. Tunamwita Darubini. Studio ilikuwa imepata kamera mpya zinazoonyesha mpaka kinyweleo kilichokosa adabu, na Darubini alikuwa akizunguka nazo kama mtoto na baiskeli. Asubuhi moja akaingia chumbani kwangu, akamwinamia wifi bila hata kuomba radhi.

"Hii nini?"

"Mto," nikamjibu mimi. "Watu hulala, bosi. Hata wewe."

"Watazamaji wanaandika. Wanasema amechoka. Msomaji wa asubuhi akionekana amechoka, nchi nzima inarudi kitandani." Akacheka peke yake, kisha akamwambia wifi kwa sauti ya huruma ambayo sikuipenda kabisa: "Kama mwili umechoka, tunaweza kukupumzisha mapema. Binti wa hali ya hewa anaweza kushika kiti mpaka utakapokuwa tayari."

Wifi akatabasamu. Mlango ulipofungwa, akarudisha kikombe kwenye sahani bila kumaliza chai.

Mpate picha. Kile kiti alikipigania miaka. Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo. Anajua, na mimi najua, kwamba kwenye kituo chetu kile kiti unachomwachia mtu "mpaka utakapokuwa tayari" hukikuti tena. Nimewapamba wawili walioondoka kwenda kujifungua. Mmoja sasa anasoma habari za trafiki redioni, mwingine simjui aliko.

"Wifi," akaniuliza, "niambie kweli. Mkunjo huu utabaki?"

Mimi kudanganya siwezi, ndiyo ila yangu. Nikamwonyesha shavu langu la kulia. Lina mstari toka juu mpaka chini, umesimama tu, nicheke nisicheke. "Huu ni wa mto," nikamwambia. "Nimelalia upande huu tangu nimeolewa, kwa sababu upande wa pili kuna mtu anayekoroma. Mistari ya kicheko inafuata msuli unavyokunja uso. Huu haufuati chochote, unakwenda unakotaka mto. Ndiyo maana hata sindano za kulegeza uso haziupunguzi sana. Lakini nisikilize vizuri! Umenichukua miaka na miaka. Ngozi ikiwa changa inajirudi yenyewe, ikizeeka inachelewa, mwishowe inachoka kurudi. Wewe bado. Halafu sasa hivi uso wako umejaa maji ya ujauzito, ndiyo maana unabonyea upesi na kujirudi polepole. Ukijifungua utashangaa."

Nilisema yote hayo. Yeye alisikia moja tu. Alikuwa anaangalia shavu langu, na kwenye macho yake niliona hofu ya mtu aliyeonyeshwa kaburi lake. Nikaudhika. Shavu lenyewe si baya kiasi hicho.

Tukaanza vita vya mito. Nikamnunulia foronya ya hariri, ngozi ikawa inateleza badala ya kuvutwa, vialama vya mshono vikaisha. Mkunjo wenyewe ukabaki, kwa sababu hariri haiondoi uzito wa kichwa. Akajaribu mto laini, shavu likazama zaidi. Akajaribu mgumu, akaamka na shingo iliyopinda, tukawa tunamgeuza mwili mzima kama kabati ili atazame kamera. Nikamshauri abadilishe ubavu, leo kushoto, kesho kulia, ili walau mashavu yagawane mzigo. Akasema akilala kulia anaota ndoto mbaya. Kila asubuhi alifika akiwa amejitazama kioo cha nyumbani, kioo cha gari, na skrini ya simu. Kila asubuhi akauliza, upo? Na kila asubuhi binti wa hali ya hewa alipita mlangoni na uso wake usio na hata alama ya ndoto, maskini, hana kosa lolote, na wifi akainamia karatasi zake mpaka apite.

Kisha asubuhi moja akaingia, akageuza shavu, hakuuliza. Akangoja niseme mimi.

Hapakuwa na kitu. Shavu lilikuwa safi.

Wee! Nilipiga kigelegele mpaka mafundi wa taa wakachungulia. Darubini alipoona picha kwenye skrini ya chumba cha kuongozea kamera, akapiga makofi. "Huyo ndiye ninayemjua mimi!" Wapiga picha wakampongeza, mwandishi wa michezo akamuuliza amepaka nini. Wifi akawa anacheka, anasema ni mto mpya. Nami nikacheka nao. Nilimpamba kwa raha siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata.

Lakini mikono yangu ina akili yake. Nilikuwa nashika kichwa chake kumtengeneza nywele, nikakuta kisogo kimelala. Nywele za nyuma zilikuwa zimebanwa flati, zile za ubavuni zimesimama vizuri kama nilivyoziacha jana. Nikajiambia, labda ameegemea kiti cha gari. Kesho yake tena flati. Masikio yote mawili hayana alama. Nikazichana upya, nikijizuia kuuliza kwa nini.

Siku ile nilihitaji kumtengeneza nyusi, nikalaza kiti chake nyuma zaidi ya kawaida. Nikageuka kuchukua kibano. Nilipomrudia alikuwa amebadilika rangi. Midomo ilikuwa imepauka, jasho limemtoka kwenye paji la uso, macho yanaelea.

"Wifi!"

Nikakinyanyua kiti kwa nguvu, nikamgeuza ubavu, nikampepea kwa karatasi za habari. Rangi ikarudi polepole. Akajaribu kucheka.

"Kizunguzungu tu. Nikilala chali hunijia, kisha kinaondoka."

"Unajuaje kwamba kinakujia ukilala chali?"

Akageukia kioo, akajipangusa jasho.

"Wifi, nakuuliza. Unalalaje siku hizi?"

"Ubavu."

"Usinifanye mjinga! Nimeshika nyuso za watu miaka yote hii. Uso huu haujagusa mto. Unalalaje?"

Akaanza kulia bila sauti, na machozi yakateremka moja kwa moja kwenye lile shavu lililokuwa linapigiwa makofi. Akanieleza. Ameupata mto wenye shimo katikati, kichwa kinakaa humo hakiendi popote. Kulia ameweka mto mrefu, kushoto mto mrefu, akaibana kwa shuka zilizochomekwa chini ya godoro, ili hata akipitiwa na usingizi mwili usigeuke. Amelala chali hivyo tangu ile asubuhi ya kigelegele. Akiamka kichwa kinazunguka, anasubiri, kinapoa, anakuja kazini na uso safi.

Yaani mtu amejifunga kwa mito, na sisi tumempongeza! Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nikabaki nimeshika kibano kama zuzu.

Halafu swali likanijia, na sikutaka kuliuliza, maana ukishauliza hulirudishi.

"Mtoto amecheza leo?"

Akaweka mkono tumboni. Akabonyeza. Akahamisha mkono, akabonyeza tena.

"Jana jioni..." akasema. "Jana mchana alicheza. Jioni nilikuwa nafanya mazoezi ya kusoma. Nadhani amelala."

"Asubuhi hii je?"

Akabonyeza kwa mikono yote miwili. Niliuona uso wake kwenye kioo, laini, bila mstari, na ukawa unanitisha kuliko uso wowote niliowahi kuupamba.

Mlango ukafunguka. Darubini. "Jamani, tunaingia hewani. Huyu bado hajavaa kipaza sauti?" Fundi wa sauti alikuwa nyuma yake, akamwinamia wifi, akambandika kile kidude kifuani. Na wifi, mniamini, akasimama kwenda!

"Nisome kwanza muhtasari," akaninong'oneza. "Nusu saa tu, wifi. Nikitoka tunaenda. Akimweka yule wa hali ya hewa leo, basi tena."

"Unaenda wapi?"

"Pengine amelala kweli."

"Na kama hajalala?"

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Korido nzima ikasikia. Uso wake ukavunjika, na mimi sikungoja. Nikakibandua kile kipaza sauti, nikamtupia Darubini mikononi.

"Mpe anayeweza kusoma. Huyu anakwenda hospitali."

"Unajua tuna dakika ngapi?"

"Bosi," nikamwambia, "nipishe mlangoni kabla sijakuaibisha."

Akanipisha. Dereva wa gari la wapiga picha alikuwa anakunywa chai, akaiacha mezani. Njiani wifi alikaa kiti cha nyuma, amelala ubavu na kichwa mapajani mwangu, mikono yote miwili tumboni. Alikuwa anamsemesha mtoto. Anamwambia, cheza basi, mama yuko hapa, cheza kidogo tu. Kila barabara ilipotikisa gari aliniangalia kwa tumaini, kisha akagundua ni gari. Nilimwaza mdogo wangu huko barabarani, hajui, anasikiliza muziki. Simu nitampigiaje? Nianze na neno gani?

Wodi ya wazazi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Mkunga wa zamu alikuwa mama mnene wa haraka haraka, hakuuliza mambo mengi. Akamlaza ubavu, akampaka ile jeli ya baridi, akaanza kutembeza kifaa cha kusikilizia mapigo.

Tukasikia mvumo. Kama upepo kwenye bomba. Akahamisha. Mvumo. Akabonyeza chini zaidi, tukasikia tu-tu-tu, wifi akaruka.

"Hayo ni yako, mama," mkunga akasema. "Tulia."

Akaendelea kutafuta. Uso wake ulikuwa umefungwa kabisa, na mimi ninayesoma nyuso kwa mshahara sikuweza kusoma chochote. Wifi alikuwa amenishika kidole gumba anakikamua. Sijui ilichukua muda gani. Nilijikuta nahesabu vigae vya ukutani, navipoteza, naanza upya. Nikasema kimoyomoyo, Mungu, nichukulie chochote, nichukulie hata haya macho.

Na ndipo yakaja. Madogo, ya mbio, yakikimbizana. Mkunga akainamisha kichwa, akasikiliza, akatulia.

"Huyu hapa."

Wifi alipiga ukelele ambao sijawahi kumsikia mtu akiupiga. Mimi nilikaa chini sakafuni, na sketi yangu nyeupe, sikujali.

"Yupo," mkunga akasema, "lakini tusisherehekee mapema. Nataka nione anavyoendelea." Akamfunga mikanda tumboni, mashine ikaanza kutoa karatasi yenye mawimbi. Akamletea kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mtoto amesogea. Na huku anaangalia mawimbi, akauliza lile swali: "Mama, unalalaje?"

Nikamwangalia wifi. Akasema kweli yote, mto wenye shimo, mito ya pembeni, shuka. Mkunga hakumkaripia. Ingekuwa afadhali amkaripie.

"Tumbo la miezi hii ni zito," akasema taratibu. "Ukilala chali linakalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo wako. Damu yako inapungua, ya mtoto nayo inapungua. Ndicho kile kizunguzungu. Wewe ukijisikia vibaya unageuka, mwili una akili. Lakini wewe umejifunga usigeuke." Akaangalia tena mawimbi. "Siwezi kukuambia kwamba chali ndiko kulikomfanya anyamaze. Inaweza kuwa jambo jingine, tutachunguza. Lakini wanawake wanaolala chali miezi ya mwisho, miongoni mwao wanaopoteza mtoto ni wengi kuliko wanaolala ubavu. Na mtoto akipunguza kucheza, hungoji kesho, hungoji nusu saa. Unakuja."

Wifi aliniangalia aliposikia nusu saa. Kitufe kilikuwa mkononi mwake, na bado hakijabonyezwa.

Simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe, nikausoma mimi. Darubini: binti wa hali ya hewa amesoma vizuri sana, watazamaji wamempenda, wewe pumzika, usiwe na wasiwasi wa kurudi. Nilifikiria kumficha. Nikashindwa, si mnanijua, nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho. Machozi yakamtoka, na hakujifanya eti hajali. "Ndiyo basi tena," akasema. "Ndiyo kiti kimekwenda." Alilia kwa ajili ya kile kiti, akiwa na ile mikanda tumboni, na mimi nikamwacha alie, kwa sababu alikipigania na kilikuwa chake.

Katikati ya kilio akashtuka. Kidole gumba kikabonyeza kitufe. Kikabonyeza tena.

"Wifi!"

"Nimeona," nikamwambia, ingawa sikuona chochote, macho yalikuwa yamejaa maji.

Mkunga akaja, akaangalia mawimbi, akasema sasa anayapenda zaidi, lakini wifi atalazwa wamwangalie mpaka kesho. Akamletea mto wa hospitali, mgumu, wa foronya ya pamba iliyofuliwa mpaka ikakwaruza. Wifi akaulalia shavu la kushoto bila kuuliza ni wa kitu gani. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, mashine inakwenda, na alikuwa amechoka kiasi kwamba macho yalijifumba yenyewe. Nikatoka nje kumpigia mdogo wangu.

Niliporudi nilimkuta ameketi wima, anahema, mikono tumboni.

"Nimeamka chali," akasema. "Nimepitiwa, wifi, nimejikuta chali. Sijui nimelala hivyo kwa muda gani. Silali tena. Nitakaa macho mpaka azaliwe."

Mkunga alipita akamwambia si kitu, mama, ukijikuta chali unageuka tu ubavu, unaendelea kulala, muhimu ni unavyouanza usingizi. Akaitikia kwa adabu. Mkunga alipotoka, akajiegemeza ukutani, akafungua macho kwa nguvu kama mtu anayelinda mlango. Nikaona jinsi alivyokuwa anauogopa usingizi sasa, kuliko alivyowahi kuuogopa mstari wowote. Miezi miwili hivyo? Ataumaliza mwili.

Nikavua viatu.

"Sogea."

"Wifi, kitanda chenyewe..."

"Nimesema sogea! Lala ubavu."

Akalala. Nikapanda nyuma yake, mgongo kwa mgongo, nikijibana kwenye kile chuma cha pembeni, na makalio yangu yakiwa nusu hewani. Niliusikia moyo wake unavyopiga mbio kupitia mbavu zake.

"Nikigeuka je?" akauliza.

"Utanikuta mimi. Na mimi sisogei."

Nilidhani bado ameng'ang'ania kukesha. Kisha uzito wake wote ukaniegemea, pumzi ikawa ndefu, na shavu lake likazama kwenye ule mto. Mgongo uliniuma, mguu mmoja ukafa ganzi. Niliogopa hata kukohoa.